Salamu Fupi Isiyokata Habari

Ndugu zangu, nimeshalisema hili na nitalirudia: shida ya salamu zetu si urefu, ni kwamba tunazikata pasipostahili.

Mjomba wangu alitoka Sikonge akanikuta dukani hapa Tabora, saa nne asubuhi, wateja wamejaa. "Mwangaluka," akasema. Nikajibu nikiendelea kuhesabu chenji. "Za nyumbani?" Nzuri. "Watoto?" Wazima. "Na biashara?" Nikaona hatumalizi. Nikamwambia, "Mjomba, mambo yote shwari, sema shida." Akanitazama kidogo, akavaa kofia yake. "Nilipita kusalimia tu." Akaondoka. Siku ya pili nikapigiwa simu: shangazi alikuwa amelazwa tangu Jumapili, na mzee yule alikuja kunipa taarifa.

Mtauliza, kwa nini asiseme? Kwa sababu zamu yake haikuwa imefika! Kijijini habari mbaya haifungui mazungumzo. Hata kama nyumba imeungua, jibu la kwanza ni "nzuri". Mnazunguka: nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Kila mmoja anauliza, kila mmoja anajibu nzuri. Kisha mnanyamaza kidogo, ndipo linatoka lile neno: "Ila..." Kila kitu kiko baada ya hiyo "ila". Mimi nilikata kabla yake, halafu najisifu nimeokoa dakika mbili.

Sasa kijana wa mjini atasema, "Wewe mzee, nina bodaboda, abiria anangoja." Sawa. Basi punguza maswali, usiiguse "ila". Simu weka chini. Simama, maana salamu ya kukaa, mbele ya mkubwa, utailipia kwa maelezo marefu baadaye. Toa shikamoo, au mwangaluka kama ni asubuhi na mwadila ikishapita mchana, na uitoe yote, usiimeze. Halafu badala ya maswali sita ya jumla uliza moja lenye jina: "Yule mdogo aliyekuwa na homa, anaendeleaje?" Hilo moja linafanya kazi ya yote sita, kwa sababu anajua unawakumbuka. Akijibu, nyamaza. Hesabu pumzi tatu. Kama kuna "ila", itatoka hapo. Isipotoka, ndipo useme una haraka.

Na ukisema haraka, itaje yenyewe: "Mjomba, mzigo unapakiwa, nitakupigia baada ya magharibi." Ile "tutaonana" ya juu juu mzee anaielewa vizuri sana, msidhani haielewi. Na usipopiga hiyo magharibi, mara nyingine atakuzungusha mpaka kwa kuku.

Wanaume kwa wakwe zenu, huko sina njia ya mkato, msiniulize. Salamu za simu nazo nilitaka kuzisema, naona mwenyekiti anaangalia saa. Niseme tu: kijijini anayepiga ndiye anayelipa, kwa hiyo akikata maswali mapema, huyo hajakasirika, vocha inakwisha. Mpigie wewe.

Yule mjomba? Nilimfuata Sikonge Jumamosi. Tulianza na ng'ombe.