Mauaji Kijijini: Kidokezo Kimo Kwenye Vitumbua

KADZO: Karibuni tena. Wiki iliyopita, katika hadithi tunayoitunga, tulimuua mzee mwenye shamba la minazi, kule Kaloleni, karibu na kisima, jua likizama. Leo tunamtafuta muuaji. Kaka Charo, mimi bado namtaka yule mpwa wa mzee waliyegombana naye juu ya mpaka.

CHARO: Mpwa atashikwa na kila msomaji mapema mno, dada. Mimi namtaka mgema.

KADZO: Si ndiye shahidi wetu? Alikuwa juu ya mnazi, akamwona mpwa akielekea kisimani.

CHARO: Ndiyo maana. Tunamwamini kwa sababu kila jioni yuko juu. Je, kama siku hiyo hakupanda? Mgema hupanda asubuhi na jioni, huteremsha tembo lililojaa kibuyuni na kukata tena ncha ya karara ili liendelee kutona. Akikosa jioni moja, tembo linakaa mchana na usiku kucha. Asubuhi limekuwa kali, linakaribia siki.

KADZO: Nani atalionja?

CHARO: Mama wa vitumbua, maana anaumulia unga kwa tembo la mgema huyo. Asubuhi ya msiba analalamika kwamba vitumbua vimechacha na wateja wamevirudisha. Sentensi mbili tu, kisha mpwa anakamatwa mbele ya banda lake. Watu wanakimbilia huko, na msomaji naye.

KADZO: Lakini msomaji ambaye hajaishi penye minazi atajuaje? Tukimweleza sura ya mwisho, tumemwonea.

CHARO: Kweli kabisa. Basi sura ya kwanza, kabla ya kifo, mgema anamfundisha mwanawe: "Jioni usipopanda, kesho utauza siki." Pale yanasikika kama malezi tu.

KADZO: Hiyo nimeipenda. Na sababu ya kuua?

CHARO: Minazi kadhaa ina alama ya rangi nyekundu. Mzee alikuwa aikate auze mbao. Mpelelezi anadhani ni mpaka ule waliogombania na mpwa. Ila tunataja, kwa kupita, kwamba kila mnazi wenye alama una vidato vya kupandia.

KADZO: Yaani ni minazi ya riziki ya mgema! Lakini ngoja. Tembo chachu linaonyesha amedanganya, halionyeshi ameua. Pengine alilala tu.

CHARO: Hapo palinisumbua sana. Tumpe mzee ndoo mpya ya bluu, kainunua alasiri ile, akaenda nayo moja kwa moja kisimani. Ndoo inazama. Inaopolewa siku ya tatu. Lakini mgema, siku ya kwanza, katika ushahidi wake, anasema alimwona mzee "na ndoo yake ya bluu".

KADZO: Na kila mtu ataona ni sawa, kwa kuwa alikuwa juu, anaona shamba zima.

CHARO: Mpaka mpelelezi aulize habari za vitumbua. Kama hakuwa juu ya mnazi, ndoo aliionea wapi?