Nani Ajue Kwanza?

AKINYI: Karibu tena, tuko hapa Kisumu. Leo tuna ujumbe wa kijana wa miaka 23, tumwite Odi. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anapanga chumba Nyalenda, na anataka familia ijue kwamba yeye ni shoga. Aliuliza kama amwambie mama kwanza, kwa sababu mama ndiye anayempenda zaidi.

WAFULA: Mimi nikamuuliza swali la kikatili kidogo: karo inalipwa na nani?

AKINYI: Baba mdogo, Nakuru.

WAFULA: Basi hapo ndipo mpango unapoanzia. Mama yuko Siaya, na jambo zito likimfika humpelekea mchungaji au shemeji yake. Si kwa ubaya, ndivyo alivyozoea kubeba mizigo. Ukimwambia Jumamosi, Jumatatu Nakuru wanajua, na muhula ujao huna karo.

AKINYI: Kwa hivyo anayekupenda zaidi si lazima awe wa kwanza.

WAFULA: Wa kwanza ni yule ambaye umeshaona akifunga mdomo. Odi ana dada, muuguzi Eldoret, anajilipia nyumba yake. Dada huyu alijua binamu yao ana mimba miezi mingi kabla ya nyumbani kujua, na hakumwambia mtu. Huo ndio ushahidi ninaoutaka. Na hategemei pesa ya baba mdogo, kwa hivyo hakuna wa kumtisha.

AKINYI: Lakini atajuaje msimamo wake? Wengi hutupa chambo. Wanataja ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2023, iliyosema shirika la kutetea mashoga lina haki ya kusajiliwa, halafu wanaangalia uso.

WAFULA: Sawa, lakini mara moja tu, na mkiwa wawili. Mbele ya watu mezani hata mpole atalaani, kwa sababu anajilinda. Na ukiirudia mada kila wiki, umeshajitaja.

AKINYI: Tuje siku yenyewe. Odi alitaka kumwandikia kwenye WhatsApp.

WAFULA: Hapana! Maandishi hupigwa skrinshoti, na skrinshoti haina breki. Aende Eldoret, siku ambayo dada hakukesha zamu ya usiku. Amwambie asubuhi, matatu za kurudi Kisumu zikiwa bado zinajaza, na nauli iwe mfukoni. Asingoje mazishi wala Krismasi kule nyumbani, dala. Kule wote wapo, na hakuna pa kwenda.

AKINYI: Aseme nini sasa?

WAFULA: Sentensi chache. "Dada, mimi huvutiwa na wanaume. Nimejua tangu utotoni. Mama na baba mdogo hawajui, na nakuomba usiwaambie, nitawaambia mwenyewe." Lile ombi liwe ndani ya mazungumzo yaleyale, si kwa simu kesho yake.

AKINYI: Halafu maswali. Nani alikufundisha? Una virusi? Utafungwa?

WAFULA: Hilo la kufungwa, dada muuguzi atauliza kwa hofu ya kweli. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu kinaadhibu kitendo, hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Lakini kumwambia dada yako ulivyo si kosa. Hilo la nani alikufundisha, ajibu "hakuna" na anyamaze. Ukianza kueleza utoto wako wote, unakuwa kama uko kizimbani.

AKINYI: Na kabla ya safari, kitambulisho na cheti cha KCSE vitoke kwenye simba, ile nyumba yake ya ujana kule Siaya. Watu wakikasirika hufunga mlango na kukalia karatasi zako, kisha unaanza kubembeleza.

WAFULA: Kuna kitu kingine ambacho watu wa huku wanakijua vizuri. Siri ikivuja hutukanwi kwanza. Unapigiwa simu: "Mama ni mgonjwa, kuja leo." Unafika, unakuta wazee wameketi, na mchungaji yupo.

AKINYI: Nimeliona hilo. Na ni gumu, kwa sababu mama anaweza kuwa mgonjwa kweli.

WAFULA: Ndiyo maana dada anahitajika kabla ya mama. Wakubaliane: simu kama hiyo ikija, Odi ampigie dada kwanza, na dada aongee na mama mwenyewe, si na anayebeba ujumbe. Kama ni kikao, dada atauliza tu, "Ile chaja yangu uliirudisha?" Odi anaelewa, na hasafiri.

AKINYI: Mama basi ni lini?

WAFULA: Baada ya karo ya mwisho, na dada akiwa ameketi kando yake. Mama akitaka kukimbilia kwa mchungaji, awe na mtu wa kulia naye hapohapo.

AKINYI: Na baba mdogo?

WAFULA: Huyo atasikia kwa mama. Odi asijisumbue kupanda gari la Nakuru.

AKINYI: Ha! Haya, tuna ujumbe wa pili, wa msichana wa Kakamega ambaye dada yake ndiye aliyemtangaza.