Kubadilisha betri ya Ni-Cd kwenye taa ya dharura, na kwanini drili ziliachana nayo

Haya wapendwa karibuni tena mezani, leo nina taa ya dharura imetoka kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa, mlinzi anasema ukibonyeza kitufe cha testi inawaka vizuri halafu baada ya sekunde chache inazima. Wengi hapo wanakimbilia kubadilisha saketi. Subiri kwanza.

Breka nimeshazima, taa nimeshaishusha, kava limetoka, hizo hamhitaji kuonyeshwa. Betri ni hii fimbo, seli tatu zimeunganishwa kwa mstari, imeandikwa Ni-Cd, yaani nikeli na kadimi, 3.6V 4000mAh. Kila seli ni volti 1.2, mara tatu ndo hiyo 3.6.

Sasa SIKILIZENI HAPA. Ncha mbili za betri zisigusane, wala bisibisi isizigonge kwa pamoja. Hii betri ina ukinzani mdogo sana kwa ndani, ukiishoti inamwaga makumi ya ampia papo hapo. Mimi bisibisi iliniteleza nikiwa na pete kidoleni, pete ikagusa ncha zote mbili ikawa nyekundu, alama ya duara hii hapa ninayo mpaka leo. Pete vueni, saa vueni, na ukichomoa waya mmoja funga tepu kabla hujagusa wa pili.

Tupime. Seli ya kwanza 1.29, ya pili 1.28, ya tatu... ngoja mkono umeziba kamera, sogeza kidogo, haya, mnaona? 0.03. Jumla 2.60. Ndo maana inazima haraka, maana ikipewa kazi volti zinashuka zaidi na saketi inakata ikidhani betri imeisha, kumbe seli mbili bado zina umeme. Na huu unga mweupe shingoni ni maji ya ndani yamevuja, ni alikali inaunguza, msiishike kwa vidole vitupu.

Tunabadilisha zote tatu. Ukiweka seli moja mpya kati ya mbili zilizochoka, zile chovu zinaisha mapema na mpya inaendelea kusukuma umeme mpaka inazigeuza, chanya inakuwa hasi, zinakufa. Nunua zenye vibati tayari ncheni, usichome risasi juu ya seli yenyewe, joto linaharibu sili. Na ziwe za kuvumilia joto kali, ile ya kawaida ukiipandisha darini haikai. Hizo ninazo dukani, ila popote utakaponunua soma lebo.

Mtu atauliza kwanini nisiweke lithiamu maana ni nyepesi. Taa hii inachaji masaa 24 kila siku, mwaka mzima, kama ampia 0.2 hivi bila kukata. Nikadi inavumilia kwa sababu ikishajaa, oksijeni inayotoka upande wa nikeli inamezwa na kadimi upande wa pili na nguvu inatoka kama joto tu. Lithiamu ukiichaji hivyo inavimba na inaweza kuwaka moto. Chaja yake ni nyingine kabisa, msibahatishe!

Tepu... naona nimeachia ncha wazi hapo, kamera imenikamata, funga kwanza. TEPU jamani. Sawa. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, hakikisha mara mbili.

Hili drili la zamani mnaloliona ni la volti 12, ndani kuna seli kumi za hivi hivi. Mimi nalipenda kwa kweli, ule umwagaji wa ampia ulionichoma kidole ndo unaolipa nguvu ya kutoboa zege, na ukiliweka kabatini likiwa tupu miezi mingi halikasiriki. Lakini linyanyue, zito, lithiamu ya uzito huo huo inabeba umeme zaidi ya mara mbili. Pia ukilichaji leo ukalisahau mwezi mzima unakuta limepungua lenyewe. Na kubwa kuliko yote ni kadimi, ni sumu inayoharibu figo na mifupa, Ulaya waliipiga marufuku kwenye betri ndogo nyingi, drili zikaachiwa mpaka mwisho wa 2016, taa za dharura wakati huo zikabaki na ruhusa. Hata hivyo taa mpya nyingi sasa zinakuja na lithiamu na chaja yake.

Haya taa imerudi kwenye umeme, iache masaa 24 ndo upime. Usipime leo itakudanganya.

...Tumerudi, ni kesho yake. Nimezima breka saa nne asubuhi. Taa inakula kama ampia 1.1, masaa matatu ni ampia-saa 3.3, na betri ina 4. Sasa hivi ni saa saba na dakika tano, bado inawaka. Hizi za zamani nimezifunga ncha kwa tepu, zinaenda kwa wanaochukua betri chakavu, usizitupe jalalani wala kuzichoma moto, moshi wake wenye kadimi msiuvute.