Jinsi ya Kutengeneza Karatasi ya Kura ya Kikundi: Alama, Visanduku na Mkunjo

Karibuni tena, ndugu watazamaji, hapa dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, ambako natoa fotokopi na kuuza karatasi, pedi za muhuri na vifaa vingine vya ofisi. Leo tunatengeneza karatasi ya kura ya kikundi cha wakulima wa viazi chenye wanachama 84. Wanamchagua mwenyekiti mmoja kati ya wagombea watatu, na kwa kuwa baadhi ya wazee wao hawapendi kushika kalamu, wamekubaliana kwamba kila mmoja atapiga kura kwa dole gumba. Naomba mlikumbuke hilo dole gumba, kwa sababu ndilo lililoniaibisha mwaka jana, na nitalirudia mpaka mnichoke.

Tuanze na alama. Alama nzuri ni ile ambayo mtu huitambua kwa umbo lake tu, ikiwa nyeusi tupu, bila rangi na bila maandishi. Hapa mezani nina michoro miwili iliyojazwa weusi. Huu ni kiazi, na huu ni parachichi. Kwenye rangi mtu hakosei, lakini baada ya kupita kwenye mashine yangu yote mawili yamekuwa mabonge meusi, na hata mimi niliyeyachora nimelazimika kugeuza karatasi ili nisome nyuma. Vivyo hivyo ndoo na sufuria, au kuku na bata: msiviweke kwenye karatasi moja. Kwa kikundi hiki nimechagua baiskeli, mwavuli na samaki, kwa sababu umbo la kila kimoja liko mbali na la mwenzake.

Alama pia isimpendelee mtu. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wakati wa chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo lenye ushindani walipewa jembe na nyumba, na wapo waliofanya kampeni kwa kuisifia alama yenyewe, kwamba jembe ndilo linalotulisha sote. Ukiwapa wakulima wa viazi jembe, umekwisha kumpigia mtu kampeni, na zaidi ya hapo jembe limo katika nembo ya chama cha siasa. Mgombea mmoja wa kikundi hiki aliniomba nimpe kiti. Nilimjibu kwa heshima kwamba mtu anayegombea uenyekiti hawezi kupewa kiti kabla ya kura kuhesabiwa. Alama zigawiwe kwa bahati nasibu, wagombea wote wakiwapo.

Kabla hamjaenda mbali, jaribuni alama zenu. Toa fotokopi, kisha toa fotokopi ya hiyo fotokopi, kisha ya tatu, uibandike ukutani na usimame umbali wa mita tatu. Ikiwa mtu ambaye hakuona mchoro wa awali anaitaja alama bila kusita, inafaa. Picha za wagombea mimi sizipendi kwenye karatasi ya namna hii, kwa sababu mashine ikiwa na tona kidogo au nyingi kupita kiasi, wagombea wote watatu hugeuka kuwa mtu mmoja.

Sasa mpangilio. Karatasi yetu ni A5 iliyosimama, yenye upana wa milimita 148 na urefu wa milimita 210. Juu naacha milimita 40 kwa jina la kikundi, nafasi inayogombewa na sentensi moja ya maelekezo: «Weka dole gumba ndani ya kisanduku kimoja tu.» Chini yake kila mgombea anapata mstari wenye kimo cha milimita 45, na kati ya mstari na mstari pana nafasi tupu ya milimita 5, ili macho yasiteleze kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwenye Word natumia jedwali, na kimo cha mstari nakifunga kwa `Exactly`, maana usipokifunga, mgombea mwenye jina refu atapata mstari mnene kuliko wenzake, na malalamiko yatafika kwako. Mengine ya jedwali mnayajua, nayapita.

Ndani ya mstari, alama inakaa kushoto, jina katikati na kisanduku kulia, mwisho kabisa. Pembeni naacha milimita 10 kila upande. Alama ina nafasi ya milimita 40, jina 58 na kisanduku 30. Vipimo hivi sikuvibahatisha. Vinatokana na mkunjo, na hapa ndipo ninapoomba mtulie.

Mwaka jana nilitengeneza karatasi ya kikundi kingine nikidhani kwamba kazi yangu inaishia kwenye mpangilio. Wapigakura walikunja karatasi kwa kuileta chini juu, wino ukiwa mbichi, na dole la mgombea wa chini likajinakili kwenye kisanduku cha mgombea wa juu. Kura kumi na moja zilitoka sandukuni zikiwa na alama mbili za dole, na mabishano yaliendelea mpaka giza likatukuta kwenye baridi ya Uyole bila hata koti.

Kwa hiyo karatasi hii inakunjwa kwa urefu, upande wa kulia ukiletwa juu ya upande wa kushoto, maandishi yakiwa ndani. Tazameni: kisanduku kinaangukia juu ya alama ya mgombea yuleyule. Wino ukihama, unaangukia kwa mwenyewe. Baada ya hapo mpigakura anaweza kukunja mara ya pili apendavyo, kwa sababu sehemu zinazogusana sasa ni za nyuma, ambazo hazina wino mbichi. Narudia: kwa urefu kwanza. Tena nawashauri mzikunje zote ninyi wenyewe kabla ya siku ya kura na kuzikunjua, ili mpigakura apewe karatasi yenye mkunjo tayari na afuate njia hiyohiyo.

Endapo kura itatoka na alama mbili za dole licha ya hayo, msimamizi aikunje tena kwa kufuata mikunjo yake, mbele ya mawakala. Alama iliyofifia ikiangukia sawasawa juu ya ile iliyokolea, huo ni wino uliohama, wala si kura mbili. Zikikataa kukutana, mpigakura aligusa mara mbili, na kura hiyo imeharibika. Utaratibu huu utangazwe na kukubaliwa kabla ya kupiga kura, si baada ya kuona nani anaongoza.

Sasa natoa nakala. Wanachama ni 84, naongeza sita za akiba, jumla 90. Kwa kuwa A4 moja hutoa mbili, nahitaji karatasi 45. Ngoja... simamisheni hapo. Mnaona? Imetoka imepinda, na kisanduku cha kulia kimesogea ukingoni. Karatasi ya mfano ilikaa vibaya juu ya kioo. Naipanga upya, naifunika taratibu, natoa moja na kuikunja kabla ya kuendelea... Sasa kisanduku kimekaa juu ya samaki bila kuzidi, hivyo natoa 44 zilizobaki.

Idadi ya karatasi za kura naandika kwenye daftari la msimamizi kama jumla tu. Kwenye karatasi yenyewe siweki namba, kwa sababu anayekumbuka nani alipewa namba ipi atajua alimchagua nani. Badala yake napiga muhuri wa kikundi nyuma ya kila moja, usiku wa kuamkia uchaguzi, ili ukauke vizuri. Ile nakala iliyopinda naichana hapa mbele yenu, na zilizobaki 90, muhuri ukishakauka, zinaingia kwenye bahasha hii, inayofungwa na kusainiwa juu ya gundi na wagombea wote watatu.