Meza kwa Meza, Riba Mbalimbali

(Mazungumzo na wafanyabiashara wa soko, Mombasa)

Habari za jioni, wenzangu. Nilipokuwa naingia, mama mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni. Anauza mitumba, na jirani yake anauza mitumba, meza kwa meza. Walikwenda benki moja, wakaomba pesa sawa. Mwenzake katajiwa riba ya asilimia 16 na kitu kwa mwaka, yeye katajiwa 20. Akaniuliza, "Mwanangu, yule amehonga?"

Mama, hakuhonga. Nimekaa kwenye dawati la mikopo miaka mingi, nitakujibu kwa hesabu. Hesabu yenyewe ni ya sokoni, hamhitaji kalamu.

Tuseme nina shilingi milioni moja ya kukopesha. Si yangu, ni ya watu walioweka akiba, nao nawalipa asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni laki moja. Karani, kodi ya ofisi na umeme vinakula elfu 40. Mwaka ukiisha lazima nipate 1,140,000, la sivyo nimekula hasara. Faida bado sijaigusa.

Nawakopesha watu 100, kila mmoja elfu 10. Wote wakilipa, kila mmoja anarudisha 11,400, yaani riba ya asilimia 14. Lakini tangu lini watu 100 wakalipa wote? Tuseme watano wametoroka na hawakurudisha hata senti. Ile 1,140,000 sasa nitaipata kwa 95 waliobaki. Gawanyeni: 12,000 kila mtu. Riba imekuwa asilimia 20. Wakitoroka wawili tu, 98 waliobaki watalipa kama 11,630 kila mmoja, na hiyo ndiyo 16 na kitu ya jirani yako.

Umeona, mama? Benki haikukupima wewe. Imekutia kwenye kapu la watu wanaofanana nawe kwenye karatasi, ikahesabu kapu hilo huwa linatorosha wangapi. Anayelipa ndiye anayebeba deni la asiyelipa. Wangapi watatoroka inajulikana, kwa makadirio. Nani hasa atatoroka, hilo hakuna anayelijua, na kama angejulikana asingekopeshwa.

Sasa tuchukue kapu baya zaidi. Wakitoroka 20, wale 80 watalipa 14,250 kila mmoja, asilimia 42 na nusu. Hapo ndipo dhamana inapoingia. Kama kila aliyetoroka aliacha kitu nikakiuza nikapata nusu ya deni, laki moja imenirudia, na riba inashuka hadi asilimia 30. Dhamana haikupunguza watorokaji hata mmoja, imepunguza kinachopotea tu. Ndiyo maana mwenye hati ya shamba na asiye nayo hawatajiwi bei moja, hata tabia zao ziwe sawa.

Mtauliza, kwa nini basi benki isimtoze mtu wa kapu baya hiyo 42 ikampa pesa? Kwa sababu riba yenyewe huchagua watu. Mwenye biashara ya kweli akisikia 42 anapiga hesabu, anaondoka. Anayebaki kwenye foleni ni aliyekwama, au yule asiye na nia ya kulipa, ambaye hata ukimwambia asilimia 100 ataitikia, kwake si kitu. Ukipandisha riba kufidia watorokaji 20 unajikuta na 30. Kufika mahali, mkopeshaji anaona afadhali akatae.

Sisi Wakenya tumeliona jambo hili kwa macho. Septemba 2016 sheria ilianza kuzuia benki zisitoze zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Mwezi uleule riba ya Benki Kuu ilishuka hadi asilimia 10, kwa hiyo kikomo kikawa 14. Kumbukeni hesabu yetu: 14 ni bei ya kapu ambalo hakuna anayetoroka. Sheria ilikusudia kumlinda mkopaji mdogo, na kelele za riba wakati ule zilikuwa za haki. Lakini benki nyingi ziliwageuzia mgongo wadogo, zikaikopesha serikali. Watu wakaishia kwenye mikopo ya simu, ambako ada ya asilimia 7 na nusu kwa siku 30 haikuitwa riba. Zidisha kwa miezi 12, ni 90. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa, na tangu hapo bei hupangwa tena kwa kapu.

Tuje kwenye swali lenye uzito: nani anakutia kapuni? Hapa kwetu kumbukumbu za mikopo hukusanywa na makampuni yenye leseni ya Benki Kuu, tunayoyaita CRB. Watu wengi wanadhani CRB ni orodha ya wadeni wabaya. Sivyo. Aliyelipa vizuri yumo pia, na kuwamo kwake ndiko kunakomsaidia. Asiyewahi kukopa popote faili lake ni tupu, na anayesoma faili tupu hawezi kujua kama wewe ni mwaminifu au bado hujajaribiwa. Alama anazopewa mkopaji nazo hutokana na kumbukumbu hizo. Metropol, mojawapo ya CRB hizo, hutoa alama kuanzia 200 hadi 900.

Niwape kisa. Alinijia fundi cherehani, mama wa makamo, akiomba laki tano anunue mashine mbili. Maneno yake mazuri, wateja anao. Nikafungua ripoti. Mikopo sita ya simu, yote ya siku 30, mitano imelipwa. Lakini nikasoma ile safu ambayo wengi wanairuka, ya siku za kuchelewa: siku nne, siku nane, siku sita, siku 11. Kwake yeye alikuwa amelipa. Kwa anayesoma, huyu ni mtu anayelipa akipata, na laki tano ina tarehe kila mwezi. Mkopo wa sita ulionyesha baki la shilingi 1,340, limepita siku 90, kwa hiyo limeandikwa kuwa halilipiki.

Akashtuka. Alibadilisha laini mwaka uliotangulia, na ilani ya siku 30 ambayo mkopeshaji anatakiwa kuitoa kabla ya kupeleka jina ilikwenda kwenye namba ya zamani. Hakujua anadaiwa. Ripoti moja kwa mwaka ni haki yako bila malipo, na hakuwahi kuiomba. Angeiona, angelilipa lile baki kwa pesa ya gauni moja.

Alilipa siku ileile. Akadhani kesho yake jina litakuwa jeupe, nami nikawa na kazi ya kumweleza kwamba kulipa hakufuti. Safu inabadilika na kusomeka "imelipwa", lakini kwamba deni liliwahi kukwama kunabaki pale miaka mitano. Kwa msomaji wa ripoti tofauti ni kubwa mno. Deni lililo wazi hufunga mlango, na lililolipwa huongeza riba kidogo tu, tena uzito wake unapungua kadiri malipo mapya ya wakati yanavyoingia juu yake.

Nilimwambia akope kidogo na alipe kabla ya tarehe, asisubiri siku yenyewe. Alirudi baada ya miezi minane. Hatukumpa laki tano. Tulimpa ya mashine moja, ile mashine ikawekwa dhamana, na riba ikawa ya kapu la katikati. Alinuna kidogo, kisha akatia sahihi.