Milisekunde 15 za Kuamua: Mfuko wa Hewa na Kikaza Mkanda

Ndugu zangu, habari za jioni. Leo tutaitazama ajali moja tu, lakini tuitazame kwa karibu sana. Gari dogo linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga ukuta wa zege uso kwa uso. Tangu bampa liguse ukuta hadi gari lisimame ni kama milisekunde 90, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Katika muda huo gari linatakiwa ligundue kwamba limegonga, liamue la kufanya, kisha lifanye.

Muda wa kuamua ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Tupige hesabu kinyumenyume. Mfuko wa hewa wa usukani unahitaji kama milisekunde 30 ili ujae. Kwa miaka mingi wahandisi wametumia kanuni kwamba mfuko uwe umeshajaa kabla kichwa cha dereva hakijasogea mbele zaidi ya sentimita 12 au 13, kwa sababu mfuko ukimkuta mtu ameshaukaribia usukani, unampiga badala ya kumpokea. Sasa, katika ajali yetu, gari linapopunguza kasi mwili wa mtu unaendelea na mwendo ule ule wa mwanzo, na unafika hizo sentimita 12 na ushee kwenye milisekunde ya 45 hivi. Toa 30. Zinabaki 15. Katika milisekunde hizo 15 pua ya gari imeshabonyea kama sentimita 20, lakini aliyekaa kwenye kiti bado hajasogea vya kutosha hata kujua kuna jambo.

Kwa hiyo uamuzi unafanyika ajali ikiwa changa kabisa. Na hapa ndipo penye kazi ngumu, maana tairi likitumbukia kwenye shimo nalo linatoa mshindo mkali. Ukiendesha kwa kasi juu ya tuta, au fundi akigonga chasisi kwa nyundo, kihisi kinapokea mshtuko ambao kwa nukta moja unaweza kuwa mkubwa kama wa ajali. Kompyuta itatofautisha vipi?

Haiangalii ukali wa mshindo peke yake. Inajumlisha. Kila baada ya muda mdogo sana inachukua kipimo cha kupungua kwa mwendo, inakiongeza kwenye vile vilivyotangulia, na inapata jibu la swali moja: tangu tatizo lianze, gari limepoteza mwendo kiasi gani? Mshindo wa shimo ni mkali lakini unakatika mara moja, na ukijumlisha unakuta gari halijapoteza mwendo wa maana. Ukuta hauachii, na jumla inazidi kupanda.

Mmarekani Allen Breed alilitatua jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kompyuta. Aliweka gololi ya chuma ndani ya mrija, ikashikiliwa na sumaku. Gari likigonga, gololi inajing'oa kwenye sumaku na kukimbilia mbele hadi iguse nyaya mbili na kukamilisha mkondo wa umeme. Hewa iliyomo ndani ya mrija inaichelewesha, kwa hiyo mshtuko mfupi hauifikishi. Ni kujumlisha kule kule, kumefanywa na gololi na hewa. Mimi naona huo ni uhandisi wa hali ya juu sana.

Siku hizi kihisi ni kipande kidogo cha silikoni chenye meno membamba kama ya kitana. Meno hayo yakisogea kidogo tu, umeme unaohifadhiwa kati yao unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalopimwa. Kimoja kiko ndani ya kasha la kompyuta katikati ya gari, na vingine huwekwa mbele karibu na radieta, mahali panapobonyea kwanza. Kompyuta haikubali neno la kihisi kimoja, inasubiri cha pili kithibitishe.

Uamuzi ukipita, umeme unapelekwa kwenye kiwashio, waya mwembamba unaowaka na kuchoma vidonge vya kemikali. Katika mifuko ya zamani ilikuwa sodiamu azaidi, inayotoa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Mfuko wa dereva wenye ujazo wa lita 50 hadi 60 unajaa. Una matundu nyuma, na mwili ukiugusa gesi inatoka pole pole. Kinachomwokoa mtu ni huko kuporomoka kwa mfuko: kifua na kichwa vinasimamishwa kwa umbali mrefu kidogo badala ya ghafla.

Ila mfuko peke yake hautoshi. Wengi husahau kikaza mkanda, nami nitakaa hapo kidogo. Tuseme mkanda wako umelegea sentimita 10 kwa sababu ya koti au kwa sababu umeegemea vibaya. Katika ajali yetu ile, unasafiri sentimita hizo 10 bila kuzuiwa, na mkanda unapokukamata tayari unakwenda mbele kwa kama kilomita 20 kwa saa ukilinganisha na kiti. Hicho ndicho kishindo kinachovunja mbavu. Kikaza mkanda kina vidonge vyake vya kulipuka. Kinapowashwa kinasukuma pistoni au gololi ndani ya mrija, na kwa kama milisekunde 10 kinavuta ulegevu wote. Mwili unaanza kupunguza kasi pamoja na gari tangu mwanzo. Baadaye, nguvu zikizidi, chuma kilichomo ndani ya roli ya mkanda kinajipinda na kuachia mkanda taratibu, ili kifua kisibanwe kupita kiasi huku mfuko ukikipokea. Mercedes-Benz walipoanza kuuza mifuko ya dereva kwenye S-Class mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliiuza pamoja na kikaza mkanda cha abiria wa mbele. Kwao, viwili hivi vilifikiriwa pamoja tangu mwanzo.

Watu huuliza kwa nini gari limeharibika vibaya na mfuko haukufunguka. Mara nyingi gari limeingia chini ya tela la lori: kioo na paa vimeliwa, lakini nguzo ngumu za mbele hazikugusa kitu, kwa hiyo kupungua kwa mwendo kulikuja pole pole na kuchelewa. Ngao ya chuma inayofungwa mbele ya bampa nayo hubadilisha namna mshindo unavyofika kwenye kihisi, na kompyuta ilifundishwa kwa gari lisilo na ngao hiyo.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, kwa hiyo kagueni. Washeni swichi: taa ya SRS, ile ya mfumo wa mifuko ya hewa, iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa au ameifunika. Angalieni kitako cha kufungia mkanda: kama kimeshuka chini kuliko cha upande wa pili na plastiki yake imejikunja, kikaza kimeshalipuka, na hakirudiwi, kinabadilishwa. Kuna pia mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani iliyotumia amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu hadi ikalipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Hali ya hewa ya Mombasa na Dar es Salaam ndiyo hasa inayoiharibu haraka. Chukueni namba ya chasisi mkaitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari, mjue kama limo kwenye orodha ya kurudishwa.

Na mafundi mlioko hapa: mkichomoa betri, msishike waya wa mfuko papo hapo. Kompyuta ina kapasita zinazohifadhi umeme ili mfuko ufunguke hata betri ikikatika kwenye ajali. Ngojeni dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, ndipo mfungue plagi ya usukani, ile ya manjano.