Nauli na bima kwenye ankara: ushuru unaanzia wapi?

Ndugu zangu, tuanze na herufi tatu zinazokaa karibu na bei kwenye ankara: FOB, CFR au CIF. Waagizaji wengi huzipita wakakimbilia jumla, kumbe ndizo zinazosema ndani ya jumla hiyo mna nini.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Nne, inataka thamani ya forodha iwe bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa, pamoja na usafirishaji hadi bandari ya kuingilia, na bima. FOB haina nauli ya meli wala bima, kwa hiyo vyote viwili huongezwa. CFR ina nauli, inakosa bima. CIF imekamilika.

Tuchukue mzigo unaoshukia Dar es Salaam, kiwango chake cha ushuru asilimia 25. Bei ya FOB ni dola 20,000, nauli 3,000, bima 150. Thamani ya forodha ni 23,150, na ushuru wake dola 5,787.50. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya mzigo peke yake, bali kwenye thamani ukijumlisha na ushuru, yaani 28,937.50. Hapo inakuja dola 5,208.75. Tozo nyingine nimeziacha pembeni ili hesabu ionekane vizuri.

Sasa kosa ninaloomba mlikague kabla wakala hajawasilisha tamko. Ankara ni ya CIF, 23,150, lakini anaiona nauli ya 3,000 kwenye hati ya shehena, anaiongeza tena. Ushuru unapanda kwa 750, VAT kwa 675. Dola 1,425 zimekwenda bure! Dalili yake ni rahisi: thamani kwenye tamko inazidi jumla ya ankara ya CIF.

Kosa la upande wa pili ni kutangaza FOB kana kwamba ni CIF. Hati ya shehena ikiandikwa "Freight Collect", nauli inalipwa huku, na afisa atauliza iko wapi. Kwa EXW hesabu huanzia mlangoni mwa kiwanda: lori la kupeleka mzigo bandarini kule nako huingia.

Mzigo wa ndege una utaratibu wake. Jedwali hilohilo linasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani, ila bima inabaki. Kwa hiyo muuzaji akikupa bei moja ya CIF kwa ndege, mwambie aitenge nauli kwenye mstari wake.

Vivyo hivyo kwa bei ya kufikishiwa mzigo hadi Arusha. Lori kutoka Dar es Salaam hutolewa kwenye thamani iwapo gharama yake imeonyeshwa peke yake kwenye ankara. Ikifichwa ndani ya jumla, itatozwa ushuru pamoja na mzigo.